Daftari Chini ya Kaunta: Kuchagua Kati ya Vichupo na Droo Kwenye Simu

Programu yangu ya kwanza ya hesabu za duka ilikuwa nzuri kuitazama. Skrini nyeupe, orodha ya mauzo ya siku, na kwenye kona ya juu kushoto alama ya mistari mitatu. Ukiigusa, droo inateleza kutoka pembeni ikiwa na vitu tisa: Mauzo, Bidhaa, Madeni, Matumizi, Wasambazaji, Ripoti, Ujumbe, Msaada na Mipangilio. Baada ya miezi michache nikapitia kumbukumbu za matumizi, nikaona karibu hakuna mtu anayefungua Madeni. Nikaandika kwenye orodha ya kazi: toleo lijalo, ondoa Madeni.

Kabla sijaiondoa nilipita kwenye duka la mama mmoja aliyekuwa akiitumia programu ile kila siku. Nilimkuta ameinama akitoa daftari chini ya kaunta. Alikuwa anaandika jina la jirani aliyechukua mafuta ya kupikia na sukari kwa mkopo. Kurasa zilikuwa zimejaa majina, mengine yamekatwa mstari, mengine bado. Nikamuuliza mbona haandiki kwenye simu.

"Mwanangu, kumbe humo kuna madeni?"

Tangu siku hiyo sijaamini tena takwimu zinazotoka kwenye droo. Kitu kikiwa kimefichwa, idadi ya waliokifungua inakuambia jinsi kilivyofichwa, wala si jinsi kinavyohitajika. Mwaka 2016 kampuni ya utafiti ya Nielsen Norman Group iliwapima watu 179 na kukuta kwamba menyu kuu ikifichwa, uwezekano wa watu kugundua kilichomo hupungua karibu kwa nusu. Mimi nilikuwa nataka kumnyima mama yule kitu alichokihitaji kuliko vyote, kwa ushahidi nilioutengeneza mwenyewe.

Alama yenyewe ya mistari mitatu ina umri mkubwa kuliko wengi tunaoitumia. Ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya Xerox Star, kompyuta ya mezani iliyotoka mwaka 1981, na kule ilikuwa na kazi ndogo ya kufungua orodha ya amri. Simu zilipokuja na vioo vyake vidogo, tukaiokota na kuirundikia nyumba nzima.

Basi tuanze pale ninapoanzia sasa, mbali na kompyuta.

Hesabu, kaifanyie kwenye kaunta

Chukua karatasi na kalamu, keti dukani, au ofisini, au popote kazi inapofanyika, siku moja kuanzia kufungua hadi kufunga. Kila mara mtu anapofanya jambo ambalo programu yako ingelihusu, piga kijiti kimoja mbele ya jambo hilo. Usiangalie simu yake kwanza, angalia mikono yake. Akifungua daftari ni deni. Akinyanyua kichwa kutazama rafu ni bidhaa. Akihesabu noti jioni ni ripoti.

Jambo la pili la kuandika lina thamani kuliko vijiti vyenyewe: alitoka wapi akaenda wapi. Chora mshale. Kwa mama yule mishale mingi ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mteja anauliza bei, anaangalia bidhaa, anauza, mteja anasema atalipa Ijumaa, anaandika deni, mteja mwingine anasubiri, anarudi kwenye mauzo. Safari nzima haizidi dakika mbili.

Mishale hiyo ndiyo inayoamua. Upau wa vichupo chini ya skrini unafaa pale mtu anaporukaruka kati ya sehemu chache zenye uzito unaokaribiana, mara nyingi kwa siku. Droo inafaa pale mtu anapoingia sehemu moja na kukaa humo muda mrefu, au pale sehemu zilipo nyingi mno na hakuna inayozidi nyingine. Kwenye droo kila mruko unagharimu miguso miwili na kusoma orodha upya: kufungua, kutafuta kwa macho, kugusa. Kwenye upau ni mguso mmoja, na baada ya siku mbili tatu kidole kinajua njia bila macho. Kwa mtu anayeruka mara themanini kwa siku, hiyo ni miguso themanini ya bure.

Nilipomaliza karatasi yangu, mauzo, bidhaa na madeni yalikuwa na vijiti visivyohesabika kwa haraka. Ripoti ilikuwa na vijiti vichache, lakini vyote vilikuja saa ya kufunga, na saa hiyo hakuna kingine kinachotakiwa. Matumizi yalikuja mara mojamoja. Msambazaji alipigiwa simu mara moja. Mipangilio na Msaada havikupata hata kijiti.

Vitu tisa havitoshei, na havitakiwi vitoshee

Mwongozo wa Google wa Android unasema upau wa chini ubebe sehemu tatu hadi tano. Kwenye iPhone, ukizidisha tano mfumo wenyewe unakata na kuweka kichupo cha "More", kisha unatupa mabaki humo. Wengi huiona tano kama ruhusa ya kujaza nafasi. Mimi huichukulia kama ukuta, na ninajitahidi nisiufikie.

Swali linalosaidia kupunguza ni hili: kitu hiki ni mahali au ni tendo? Madeni ni mahali, unaingia na kukuta majina. Kuandika matumizi ni tendo, unafanya na kuondoka. Vichupo ni vya mahali. Tendo linapewa kitufe chake, kwa kawaida kile cha duara chenye alama ya kujumlisha kinachoelea juu ya upau upande wa kidole gumba. Nikaweka humo "Andika mauzo" na "Andika matumizi", na Matumizi yakatoka kwenye orodha ya sehemu kuu. (Najua YouTube wameweka alama ya kujumlisha katikati ya upau wenyewe. Wanaweza. Lakini hata kwao ukiigusa inafungua skrini ya kutengenezea kitu, haikupeleki kwenye sehemu ya kukaa.)

Swali linalofuata: mtu anapokihitaji kitu hiki, anakuwa anatazama nini? Mama alimpigia msambazaji alipoona unga umeisha. Kwa hiyo namba ya msambazaji nikaiweka ndani ya ukurasa wa bidhaa, mguso mmoja tu kutoka mahali tatizo linapoonekana. Ujumbe ukawa kengele juu kulia, maana hakuna anayekwenda kuutafuta, unamfuata wenyewe. Vilivyobaki vilikuwa viwili, Msaada na Mipangilio, na hivyo vikaingia nyuma ya picha ya duka kwenye kona ya juu.

Vikabaki vichupo vinne: Mauzo, Bidhaa, Madeni, Ripoti. Sikuweka "Zaidi". Kichupo cha "Zaidi" ni droo iliyohama kona, na mara nyingi ni dalili kwamba mbunifu amechoka kufikiri kabla ya kazi kwisha. Kuna programu zinazokihitaji kweli, za benki kwa mfano, zenye huduma thelathini. Kama sehemu zako za ziada ni mbili au tatu, zitafutie kwao.

Pima kwa simu ya mteja, siyo yako

Simu nyingi za Android za bei ya kawaida zina upana wa 360dp. Hiyo dp ni kipimo kinachofuata ukubwa wa kioo badala ya idadi ya vidoa vyake, na kwa kanuni 160dp ni sawa na inchi moja. Gawa 360 kwa vichupo vinne, kila kimoja kinapata 90dp. Kwa vitano ni 72dp. Eneo la kugusa linalopendekezwa na Google ni 48dp kwa 48dp, ambalo wao wenyewe wanalikadiria kuwa kama milimita 9 kwenye kioo. Apple wanasema pointi 44 kwa 44. Kwa hiyo upande wa kidole hata vichupo vitano vinapita.

Kinachokwama ni maneno. Jina la kichupo huandikwa kwa ukubwa wa 12sp hivi, na kwa kukadiria herufi moja huchukua nusu ya ukubwa huo, yaani 6dp. "Madeni" ina herufi sita, inakaa kwenye 36dp. "Wasambazaji" ina kumi na moja, inahitaji 66dp, na ndani ya 72dp inapumua kwa shida. Sasa mpe simu mtu mwenye macho mazito aliyeongeza maandishi hadi asilimia 130, jambo la kawaida kwa wazee. Zile 66 zinakuwa karibu 86, na jina linakatika: "Wasamba…". Tangu Android 14 mtumiaji anaweza kukuza maandishi hadi asilimia 200. Hapo "Madeni" nayo inafika 72dp. Kwenye vichupo vinne bado inasomeka, kwenye vitano imegusa kuta zote mbili.

Kiswahili kina tabia yake hapa. Miundo mingi ya upau tunayoiga imechorwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, na sisi tunaleta "Mipangilio" na "Miamala yangu". Lakini pia tuna maneno mafupi kuliko yao: "Arifa" inatosha palipo na neno lao la herufi kumi na tatu. Andika majina kwanza, kwa lugha ya mtumiaji, kisha ndiyo uchore upau. Neno moja kwa kila kichupo. Likikulazimu kuwa maneno mawili, mara nyingi umechanganya sehemu mbili.

Na usithubutu kuondoa maneno ili aikoni zibaki peke yake. Kioo cha kukuzia na nyumba vinajulikana. Lakini deni unalichoraje? Nilijaribu mkono wenye sarafu. Mmoja akasema ni mshahara, mwingine akasema ni sadaka. Aikoni inamsaidia aliyeshajua njia, na neno linamsaidia anayeitafuta. Mwenye duka ni wa kwanza leo, na wa pili ni mwanawe kesho atakapomshikia kaunta.

Urefu nao una gharama. Upau wa chini kwenye muundo wa Material 3 ulianza na 80dp. Chukua simu ya zamani yenye urefu wa 640dp. Toa 24 za ukanda wa saa na betri, 48 za vitufe vya mfumo, 64 za kichwa cha ukurasa, na 80 za upau wako. Kisha mtu anagusa kisanduku cha kutafuta na kibodi inapanda, tuseme 260. Zinabaki 164dp, ambazo hazitoshi hata safu tatu za orodha zenye 56dp kila moja. Kama upau wako unapanda juu ya kibodi, umemwachia mtu dirisha la choo kutazamia ghala lake. Ufiche upau wakati kibodi ipo. Ni marekebisho madogo, na nimeshangaa mara ngapi yanasahaulika.

Mtu akitoka na kurudi, akute alivyoacha

Sehemu hii haionekani kwenye michoro, na ndiyo inayowatesa watumiaji wa vichupo. Mama yuko kwenye Madeni, ameingia ukurasa wa jirani, ameshaandika kiasi cha deni lakini hajahifadhi. Mteja anauliza bei ya sabuni. Anagusa Bidhaa, anaona bei, anagusa Madeni tena. Je, anamkuta jirani na kile kiasi, au anakuta orodha yote kuanzia herufi A?

Akianzishwa upya, atafanya hivyo mara mbili kisha atarudi kwenye daftari, maana daftari halifungi ukurasa lenyewe. Kila kichupo kinatakiwa kiwe na kumbukumbu ya safari yake: ukurasa uliofunguliwa, mahali orodha ilipofika, na maandishi ambayo hayajahifadhiwa. Kwenye iPhone ndivyo vichupo vilivyozoeleka kufanya kazi. Kwenye Android msanidi alikuwa anajitengenezea mwenyewe kwa tabu, hadi maktaba ya Navigation ilipoanza kulibeba jambo hilo katika toleo la 2.4. Ukimkabidhi msanidi michoro, mwandikie sentensi hii waziwazi, usitegemee kwamba ataibashiri.

Kuna tabia nyingine mbili za kuagiza. Mtu akigusa kichupo ambacho tayari yupo, apelekwe mwanzo wa sehemu hiyo. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kutoka kwenye kurasa za ndani. Na kwenye Android, akibonyeza kurudi akiwa juu kabisa ya kichupo kingine, apelekwe kwenye kichupo cha kwanza, na akibonyeza tena ndipo programu ifunge. Usimrudishe kinyumenyume kwenye kila kichupo alichopitia tangu asubuhi. Aliyerukaruka mara themanini hataki kubonyeza kurudi mara themanini.

Vichupo visibadilike vyenyewe. Nimeona programu inayoondoa kichupo pale sehemu hiyo inapokuwa tupu, kisha kukirudisha. Kidole kilichozoea nafasi ya tatu kinaangukia kitu kingine. Kama hakuna deni hata moja, acha Madeni pale pale na ndani yake andika: "Hakuna anayedaiwa leo."

Pale droo inapostahili

Sitaki mtu atoke hapa akidhani droo ni dhambi. Fikiria barua pepe. Gmail kwenye simu ina folda na lebo ambazo mtumiaji mwenyewe amezitengeneza, pengine ishirini, pengine hamsini, na muda mwingi anakaa kwenye kikasha kimoja. Hakuna upau wa kubeba lebo hamsini, na zimekaa kwenye droo kwa haki. Vivyo hivyo programu ya kusomea yenye vitabu na sura nyingi: msomaji akishaingia kwenye sura anataka kioo kizima, na menyu iliyojificha inampa nafasi hiyo.

Ukichagua droo, jua kwamba tangu Android 10, ya mwaka 2019, kutelezesha kidole kutoka ukingo wa skrini kunaweza kuwa na maana ya kurudi nyuma. Zamani ishara hiyohiyo ilifungua droo. Mtu aliyewasha ishara za mfumo anavuta droo, na programu inamtoa nje. Kwa hiyo usitegemee kuvuta peke yake. Weka kitufe kinachoonekana, na ukiweza kiandike "Menyu" kando ya mistari mitatu. Ndani ya droo panga kwa makundi, na kundi linalotumika sana likae mahali kidole gumba kinapofika. Kwenye simu ndefu, kona ya juu kushoto ni mbali kweli kwa anayeishika kwa mkono wa kulia.

Vyote viwili kwa pamoja? Inawezekana: vichupo kwa kazi za kila saa, droo kwa yaliyobaki. Sharti ni kwamba hakuna kitu kinachokaa kote kuwili. Kikionekana mara mbili, mtumiaji anaanza kujiuliza kama ni kitu kimoja au viwili tofauti.

Jaribio la mguso wa kwanza

Huhitaji programu iliyokamilika. Michoro minne ya skrini kwenye simu halisi inatosha, na watu watano wa kazi hiyo. Mpe kila mmoja simu mkono mmoja na mfuko wa kilo mbili za unga mkono wa pili, kwa sababu ndivyo atakavyokuwa. Kisha mpe kazi kwa maneno yake, bila kutumia jina la kichupo. Usiseme "fungua Madeni", hilo ni jaribio la kusoma. Sema: "Jirani amelipa nusu, mwandikie."

Andika mguso wa kwanza tu. Asiporudi nyuma na asipouliza, andika sawa. Tazama pia kidole kinapoelea: kikisita juu ya vichupo viwili, majina yake yanagongana, hata kama mwishowe amegusa sahihi. Usimsahihishe mpaka amalize kazi zote.

Jaribio langu lilinipa nilichokuwa nakitarajia, na kimoja ambacho sikukitarajia. Kazi ya jirani aliyelipa nusu ilikwenda moja kwa moja, kidole gumba kikaenda kwenye Madeni bila kusita. Kisha nikasema: "Mpigie anayekuletea unga." Nilikuwa nimemweka kwenye Bidhaa na nilijiona nimefanya jambo la akili. Mama akagusa Madeni. Nikanyamaza. Akapitisha orodha yote, hakumwona, akanitazama.

"Mbona hayumo? Ananidai huyu tangu wiki iliyopita."

Kichwani mwangu deni lilikuwa na upande mmoja, wa mteja kumlipa mwenye duka. Kaunta yake ilikuwa na pande mbili. Sikuongeza kichupo. Juu ya ukurasa wa Madeni niliweka vitufe viwili vya kuchagua, "Ninaowadai" na "Wanaonidai", na jina la msambazaji likaunganishwa kote kuwili, kwenye bidhaa anazoleta na kwenye fedha anazosubiri. Nikarudi wiki iliyofuata na michoro mipya na mfuko uleule wa unga.